Nilivyopanga Slide Master ya timu mpaka vichwa vya slaidi vikaacha kurukaruka

Timu yetu tuko saba, kila mwisho wa robo mwaka kila mtu anaandaa slaidi zake za PowerPoint halafu mmoja anaziunganisha, na huyo mmoja mara nyingi ni mimi. Sasa ukizipitia haraka haraka unaona kabisa kichwa kinarukaruka, hapa kiko juu, slaidi inayofuata kimeshuka kidogo, fonti nyingine, bluu ya huyu siyo bluu ya yule. Nikawatumia wote faili moja zuri nikasema tumieni hili, lakini robo iliyofuata hali ikawa ileile.

Nilikuja kuelewa siku nilipofungua `View > Outline View`. Slaidi nyingi zilionekana tupu, namba tu bila maandishi, wakati zimejaa maneno. Ile Outline inaonyesha maandishi yaliyoandikwa ndani ya pleisholda tu, yaani vile visanduku vinavyokuja na slaidi yenyewe, kisanduku ulichochora mwenyewe kwa Text Box hakionekani pale. Kumbe watu walikuwa wanafuta pleisholda na kuchora visanduku vyao, na masta, yaani ile slaidi mama inayopanga mwonekano wa slaidi zote, haiwezi kukipanga kisanduku ambacho haikukizaa. Na sikuwalaumu, maana hakukuwa na leiauti, yaani mpangilio wa slaidi ulio tayari, ya vitu tunavyofanya kila siku, kwa mfano chati yenye maelezo pembeni.

Basi nikapitia kazi zetu za nyuma nikaona aina sita zinatosha: jalada, kigawanyo cha sura, hoja, chati na maelezo, jedwali, picha. Nikaingia `View > Slide Master`. Kile kijipicha kikubwa cha juu kabisa ndo masta, vile vidogo chini yake ndo leiauti, na uanze na kile kikubwa kwa sababu leiauti zinarithi kutoka kwake. Fonti na rangi nikaziweka kwenye menyu za `Fonts` na `Colors` hukohuko. Kichwa nikakipanga kwenye masta tu, leiauti sikuzigusa, maana ukishakisogeza kichwa kwenye leiauti moja basi hiyo haimfuati tena masta hata ukibadilisha huko juu.

Leiauti ya chati niliipa muda zaidi. Slaidi ya 16:9 ina upana wa sm 33.87, nikaacha sm 1.5 kila upande, nikaweka `Insert Placeholder > Chart` yenye upana wa sm 20, nafasi ya sm 1, halafu pleisholda ya Text ikachukua sm 9.87 zilizobaki. Hivi vipimo niliviandika kwenye `Format Shape`, kuburuta kwa mausi hakukupi kitu kilekile mara mbili. Chini nilitaka mstari wa chanzo cha takwimu, mwanzoni nikauchora kwa Text Box, mwenzangu akanipigia anasema anaklik pale hapashikiki. Ni kweli, kitu cha kawaida ukikiweka kwenye leiauti kinakuwa kama karatasi ya nyuma, mtu hawezi kukihariri akiwa kwenye slaidi. Nikakitoa nikaweka pleisholda yenye maneno "Andika chanzo hapa", na uzuri wake ni kwamba usipoijaza, wakati wa kuonyesha haitokei.

Nikazipa leiauti majina ya Kiswahili yanayoeleweka, nikafuta zisizotumika, nikasevu kama `.potx`, yaani faili la kiolezo. Ukiibofya mara mbili inafungua prezentesheni mpya, kwa hiyo hakuna atakayeiharibu ile ya asili kwa bahati mbaya.

Kilichobaki kusumbua ni kukopi slaidi za zamani. Mtu akipesti kwa `Keep Source Formatting` anakuja na masta yake. Kujua ni rahisi, fungua Slide Master, ukiona vijipicha vikubwa viwili ujue kuna mgeni. Mimi huwa narudi kwenye slaidi husika, naipa leiauti yetu kwa `Home > Layout`, nabonyeza `Reset`, zote zikishahama ndo naifuta ile masta ya pili, kabla ya hapo leiauti inayotumika haikubali kufutwa. Ila `Reset` inaondoa pia bold na rangi mtu alizoweka kwa mkono, kwa hiyo angalia maneno aliyoyakoleza kwa makusudi, na maandishi yaliyoko kwenye Text Box haiyapeleki kwenye pleisholda, hayo unakata na kupesti mwenyewe.

Wiki iliyopita mmoja kaomba leiauti ya picha mbili, nimeiongeza, lakini faili ambazo watu walishaanza hazijibadilishi zenyewe kwa sababu kila moja inabeba nakala yake ya masta. Nimewatumia `.potx` mpya waiingize kwa `Design > Themes > Browse for Themes`, wanne tayari, nasubiri wawili.