Slaidi 27, dakika 10

Barua pepe ya waandaaji ilikuwa fupi. Kila mzungumzaji ana dakika 10, kengele inalia dakika ya 8, kipaza sauti kinazimwa dakika ya 10, na maswali ni ya wote pamoja mwisho wa kikao. Mkutano ulikuwa Kampala, wa maafisa ugani wa Uganda, Kenya na Tanzania, na kikao chetu kilipangwa kuendeshwa kwa Kiswahili. Mimi nafanya kazi upande wa Kyotera, karibu na Mutukula, ambako Kiswahili huvuka mpaka kila siku pamoja na magunia. Nilikuwa na misimu miwili ya kazi juu ya mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa ambao Waganda wanauita kiwotoka na majirani zetu wa Kagera wanauita unyanjano. Nilikuwa pia na slaidi 27.

Nilifunga mlango wa ofisi, nikasimama, nikazisema zote kwa sauti huku PowerPoint ikinipimia muda kwa `Rehearse Timings`. Dakika 21 na sekunde 40. Nasisitiza kusimama na kutoa sauti, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimezisoma kimoyomoyo kitandani nikajidanganya kuwa ni dakika 12.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupunguza slaidi. Nilichukua mbili mbili nikazibana ziwe moja, picha nikazifanya ndogo, maandishi nikayashusha ukubwa, zikabaki 14. Nilijiona fundi. Nilipopima tena, dakika 20 na ushei. Mambo ya kusema yalikuwa yale yale, nilichokuwa nimebadilisha ni vyombo vya kuyabebea tu. Tena chati mbili zilizobanwa pamoja zilinichelewesha zaidi, maana ilinibidi kueleza kila mara ni ipi ninayoizungumzia.

Jioni hiyo nilimpitia mama mmoja jirani, mkulima wa matoke ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni Mutukula na kimenyooka kuliko changu. Nikamfungulia kompyuta barazani, nikamwomba asikilize mpaka mwisho. Alivumilia. Nilipomaliza nikamuuliza amekumbuka nini.

"Mwanangu, umesema mengi," akaniambia. "Mimi nimeshika lile panga tu."

Panga lilikuwa slaidi ya 17.

Usiku nilirudi kwenye faili la mwanzo, lile lenye slaidi 27, nikachukua karatasi. Mbele ya namba ya kila slaidi nikaandika sentensi moja inayoanza hivi: "Baada ya hii, msikilizaji ataamini kwamba…" Sharti lilikuwa sentensi iwe dai ambalo mtu anaweza kulikataa. "Dalili za ugonjwa" si dai, ni kichwa cha habari. "Kukata mti mmoja kunatosha" ni dai, kwa sababu nusu ya ukumbi ungeweza kunipinga.

Slaidi 6 hazikuwa na sentensi yoyote: ya jina, ya mpangilio wa mada, ya ramani, ya nembo za wafadhili, ya shukrani, na ile ya mwisho iliyoandikwa "Maswali?" kwa herufi kubwa. Slaidi 5 zilibeba historia: ugonjwa kuelezwa Ethiopia mwaka 1968, kuonekana Uganda mwaka 2001 wilayani Mukono, halafu kusambaa kwa majirani. Yote kweli, lakini nilikuwa naenda kuyasema mbele ya watu ambao ugonjwa huo umewala miguu kwa kutembea mashambani. Slaidi 4 zilikuwa za dalili, ambazo nazo wanazijua. Zilizobaki zilikuwa 5 za namna tulivyofanya kazi, 5 za chati na majedwali, na 2 za mapendekezo.

Za historia zilikwenda zote. Katika zile za dalili nilibakiza picha moja, na kazi yake nikaibadilisha. Ni picha ya shina lililokatwa likitoa utomvu wa njano. Zamani ilikuwa pale kuonyesha dalili. Sasa ilikuwa ya kwanza kabisa, ikibeba dai kwamba panga lililokata shina hili limechukua ugonjwa na litaupeleka kwenye shina linalofuata. Hapo nilimshukuru yule mama kimyakimya.

Slaidi 5 za namna tulivyofanya kazi ndizo zilizoniuma. Tulilala vijijini kwa ajili ya hizo slaidi. Lakini nilipojaribu kuandika sentensi yake, kila mara ilitoka hivi: "Ataamini kwamba tulihangaika." Nikazifuta, nikaandika mstari mmoja mdogo chini ya chati: mashamba yalichaguliwaje, tuliyatembelea kila baada ya siku ngapi. Asiyeniamini angesoma mstari huo na kuuliza.

Chati inahitaji maneno yake, kwa sababu ndiyo inayokula muda bila mtu kujua. Nilijipima: kabla sijasema chati inaonyesha nini, natumia karibu nusu dakika kueleza mstari wa chini ni wiki, wa pembeni ni idadi ya miti iliyougua, rangi hii ni kundi lile. Chati 5 ni zaidi ya dakika mbili za maelekezo matupu. Nikabakiza moja yenye mistari miwili: mashamba yaliyokata mti ulioonyesha dalili peke yake na kupitisha panga motoni, na mashamba yaliyokata vivyo hivyo bila moto. Majina ya makundi nikayaandika kwenye ncha za mistari yenyewe badala ya kisanduku cha rangi pembeni, macho yasisafiri kwenda na kurudi. Juu yake, badala ya "Matokeo", nikaandika dai lenyewe: "Mti mmoja mmoja unatosha, kama panga limepita motoni."

Zikabaki slaidi 6, na muda wake sikuugawa sawa. Shina na utomvu, sekunde 70. Mchoro unaoeleza kwa nini inawezekana kukata mti mmoja bila kung'oa mama na machipukizi yote, yaani bakteria hawaingii katika machipukizi yote ya shimo moja, sekunde 100. Chati, sekunde 150. Shamba ambalo njia hii ilishindwa kwa sababu mwenyewe aliazima panga la jirani, sekunde 80. Kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa sababu wadudu nao huleta bakteria pale, sekunde 60. Mwisho, maneno ya kumwambia mkulima kesho asubuhi, sekunde 70. Jumla ni sekunde 530, yaani dakika 8 na sekunde 50. Zile 70 zilizosalia nilizitenga ziwe akiba ya kuchelewa kokote, ya kutembea hadi jukwaani na ya kusalimia, maana Kiswahili bila salamu si Kiswahili.

Kuna jambo moja lililonishtua katika kuandika maneno ya kusema. Ripoti yetu ilikuwa ya Kiingereza, na nilizoea kuhesabu maneno 130 kwa dakika. Kwa Kiswahili nilitoka maneno 105 tu, na sikuwa nasema polepole. Neno kama "tutakapoukata" limebeba mtendaji, wakati na mtendwa, kwa hiyo ni refu mdomoni ingawa kwenye hesabu ni moja. Kwa sekunde 530 nilikuwa na maneno mia tisa na kidogo. Maelezo yangu yalikuwa na zaidi ya elfu moja mia mbili, nikayachonga mpaka yakaingia.

Slaidi zilizofutwa sikuzitupa zote. Tatu nilizipeleka nyuma ya ile ya mwisho, nikazificha kwa `Hide Slide`, zisijitokeze nikibofya kwa bahati mbaya. Slaidi iliyofichwa bado inafunguka ukiandika namba yake na kubonyeza `Enter` wakati wa kuonyesha. Namba zote nikaziandika kwenye kikaratasi, pamoja na muda mmoja tu: chati isipite dakika 6 na robo. Ikipita hapo, ruka ya ua dume. Niliichagua hiyo mapema kwa sababu ndiyo pekee ambayo ukiitoa, slaidi inayofuata haiyumbi. Ukitoa mchoro wa machipukizi, chati inakuwa kama uchawi.

Siku yenyewe, aliyenitangulia alizimiwa kipaza sauti akiwa slaidi ya 9 kati ya 22. Alikuwa bado kwenye historia. Ukumbi ulicheka kidogo, mimi sikucheka. Jina langu likaitwa, saa ikaanza hapo hapo, na projekta ikakaa kimya huku kijana wa mitambo akichomeka na kuchomoa waya. Nilianza kusema bila picha, nikaeleza utomvu kwa mikono. Picha ilipotokea nilikuwa karibu kumaliza sehemu yake.

Chati iliisha dakika 6 na sekunde 25. Nikaonyesha shamba la panga la kuazima, kisha nikaandika `6`, `Enter`, nikatua kwenye slaidi ya mwisho. Hakuna aliyejua kuwa kitu kimerukwa. Nilimaliza dakika 9 na sekunde chache. Nembo za wafadhili zilikuwa pembeni kwenye slaidi hiyo hiyo, na slaidi ilibaki ukutani na maneno yake kwa mkulima hadi mwenyekiti alipomwita mwingine.

Wakati wa maswali wa kwanza kusimama alikuwa bwana mmoja kutoka Bukoba. "Kaka, hongera. Na ua dume je, mbona hukuligusa?" Nikaomba mashine, nikaandika `5`, `Enter`, na ile slaidi niliyoiruka ikajibu kwa sekunde 60 zile zile nilizokuwa nimeifanyia mazoezi. Mwingine akauliza mashamba tuliyapataje, nikamfungulia ya 8.

Swali ambalo sikuwa na slaidi yake lilikuja kwenye chai, na bwana yule yule wa Bukoba ndiye aliyelileta. Wakulima wake wanakataa kuchoma panga kwa sababu moto unalegeza chuma na makali hayakai tena. Hata kwetu nimeisikia hiyo, ila jibu lake nilikuwa nimelifuta pamoja na zile 5 za namna tulivyofanya kazi, bila kugundua kuwa miongoni mwake kulikuwa na picha ya ndoo ya Jiki ambayo baadhi ya wakulima walichovya panga badala ya kulichoma. Nimeirudisha. Sasa iko pembeni ya slaidi ya panga la kuazima, na imeniongezea sekunde 15 ambazo nimezitoa kwenye chati.