Salamu za besidei siku ya saba

Kuchelewa wiki moja kuna ugumu wake. Ukichelewa siku moja, salamu yako bado imo kwenye msururu. Mwenye besidei anajibu taratibu, na hata haoni kwamba yako imeingia asubuhi ya pili. Ukichelewa miezi mitatu, jambo lenyewe limeshakuwa kichekesho bila wewe kufanya lolote. Siku ya saba iko katikati. Keki imekwisha, picha zimeshashuka kwenye stetasi, lakini mwenyewe bado anawajua kwa majina walioandika na wasioandika.

Nimekuwa nikiziangalia salamu za namna hii kwa muda, na naona siku saba zenyewe haziudhi. Kinachoudhi ni jinsi mwandishi anavyozibeba. Soma ujumbe huu, ambao kila mtu ameshaupokea kwa sura moja au nyingine: “Jamani naomba unisamehe sana. Mambo yamekuwa mengi. Kazini wametubana, mtoto naye aliumwa, simu ikazingua. Yaani najisikia vibaya mno. Hepi besidei.” Hesabu sentensi. Nne zinamhusu aliyechelewa, na mwenye siku amepata maneno mawili mwishoni. Halafu tazama jibu analolazimika kutoa: “Usijali, hamna shida, mtoto anaendeleaje?” Amepokea salamu za besidei na amegeuka kuwa mfariji. Hapo ndipo ujumbe unapokuwa mzito.

Kinyume chake, yaani kuandika kana kwamba hakuna kilichochelewa, hakufai pia. Ukimwandikia mtu “furahia siku yako” wiki moja baadaye, ataelewa kwamba hujui tarehe yake, na hilo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa. Mwenye kuchelewa anaijua siku; asiyejua hajawahi kuwa nayo. Kwa hiyo kuchelewa kutajwe, lakini mara moja tu, kwa sentensi moja fupi, na kusikae mwanzoni. Sababu ya kutokaa mwanzoni ni ya simu yenyewe: kinachoonekana kwenye kioo kabla mtu hajafungua ujumbe ni mstari wa kwanza. Mstari huo uwe wake, si wa kesi yako.

Visingizio viachwe kabisa. Simu haizimi siku saba, hasa kama katika siku hizohizo stetasi yako ilikuwa na picha za harusi ya watu wengine.

Sasa mzaha. Mzaha unaofaa hapa ni ule unaozipa siku saba kazi ya kufanya, na bahati nzuri wiki katika mila zetu si namba ngeni. Kwa watu wa pwani ipo fungate, zile siku saba za maharusi baada ya ndoa. Anayefika siku ya saba anaweza kudai kwamba alikuwa akisubiri fungate ya besidei iishe. Kwa Waislamu ipo akika, ambayo kwa sunna hufanywa siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, pamoja na kupewa jina na kunyolewa. “Wengine walikuja siku ya kuzaliwa, mimi nimekuja kwenye akika” ni sentensi moja, inacheka, na inamwambia mtu kwamba umehesabu siku zake. Kwa Wakatoliki, wanaoiadhimisha Pasaka na Noeli kwa siku nane, unaweza kusema bado mmo ndani ya oktava. Halafu ipo ile ndoo ya maji ambayo vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania humwagiwa siku ya besidei. Hiyo haina dini wala kabila, na ina faida moja: mwenye siku anafikiri ameshaponea.

Chagua mmoja tu. Ukiweka fungate, ndoo na oktava kwenye ujumbe mmoja, utaonekana umekesha ukitafuta njia ya kujitetea.

Kabla ya kuandika, pita kwanza kwenye grupu la ukoo uone wiki yake ilikwendaje. Kama kumetokea msiba au mtu wa karibu amelazwa, mzaha wote unawekwa pembeni, unaanza na pole, na besidei inasubiri au inapewa mstari mmoja wa dua. Ukipita huko utapata pia kitu kingine unachokihitaji, ambacho mimi nakiona ndicho kinachouokoa ujumbe wa kuchelewa: jambo moja la siku ile ambalo wewe hukuwepo lakini umeliona. Rangi ya nguo, nani alikata keki, mtoto aliyelala kwenye picha ya mwisho. Aliyeandika siku yenyewe hakuwa na nafasi ya kulitaja. Wewe unayo, na ndiyo faida pekee ya kuja nyuma ya wengine.

Tuseme unamwandikia binamu, mtoto wa shangazi yako, anayeishi Morogoro. Amefikisha miaka 30 Jumamosi iliyopita, na mwezi huohuo amefungua duka la vitenge. Kuna picha amesimama mlangoni pa duka amevaa kitenge cha bluu. Leo ni Jumamosi tena. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

“Binamu! Hongera kwa kuingia thelathini, na duka juu yake. Wenzangu walikuja Jumamosi ile, mie nimekuja kuvunja fungate. Ile picha ya kitenge cha bluu mlangoni, umesimama kama mwenye mtaa. Mungu akupe umri mrefu na wateja wasiokopa.”

Pongezi imetangulia, na imeandikwa kwa maneno ambayo hayajapitwa na wakati: kaingia thelathini Jumamosi ile, na leo bado yumo. Neno “leo” halimo popote, wala hakuna “uwe na siku njema”, kwa sababu siku hiyo imeshapita na hakuna wa kuirudisha. Kuchelewa kumepewa sentensi ya pili peke yake, kisha hakurudiwi tena. Kitenge cha bluu kinathibitisha kwamba umetazama. Dua imeshonwa kwa kazi yake. “Mungu akubariki” tupu ingemfaa mtu yeyote, ila wateja wasiokopa ni wa mwenye duka tu, na atacheka kwa sababu yeye ndiye mwenye daftari la madeni.

Angalia pia kwamba neno “samahani” halimo. Kwa binamu si lazima, kwa kuwa binamu ni watani, na utani ndio unaofanya kazi ya samahani. Shemeji na wifi nao wanaruhusu, vilevile babu na mjukuu. Kwa rafiki wa kazini ambaye hamjazoeana, weka “nimechelewa, niwie radhi” katikati, maneno matatu, kisha endelea na pongezi.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni matatu. La kwanza ni kuunganisha kuchelewa na umri: “umezeeka mpaka tarehe yako imenitoka.” Hapo mtu amechomwa miiba miwili kwa mpigo, kasahauliwa na kaitwa mzee. La pili ni kumtupia lawama, “mbona hukunikumbusha?”, ambalo hata likiandikwa kwa kucheka hubaki na uchungu, kwa sababu pengine alisubiri. La tatu ni ile picha ya mawaridi na mishumaa inayometameta, iliyotumwa kutoka simu hadi simu. Siku yenyewe picha hiyo inapita, maana watu wana haraka. Wiki moja baadaye haipiti: ulikuwa na siku saba za kutunga sentensi nne zako, ukaleta za mtu usiyemjua, na simu inamwonyesha kabisa kwamba imesambazwa.

Mahali pa kutuma ni kwake mwenyewe, si kwenye grupu. Ukiandika kwenye grupu la ukoo, nusu ya ukoo itashtuka kwamba nayo ilisahau, na ndani ya dakika kumi kutakuwa na mvua ya “hata mimi jamani!” Binamu atalazimika kuwashukuru watu kumi na tano waliokumbushwa na wewe. Kama unatuma sauti badala ya maandishi, nusu dakika inatosha. Sauti ya dakika tatu huanza vizuri, kisha mtu anakosa la kusema na kurudi kwenye kujitetea.

Zawadi si lazima, lakini ikiwepo inaweza kubeba mzaha wenyewe. Jitoze faini: shilingi 1,000 kwa kila siku uliyochelewa, jumla 7,000, na ongeza ya kutolea ili zimfikie kamili. Andika tu “faini ya siku saba, za soda.” Tuma pesa kwanza, ndipo uandike ujumbe, usifanye kinyume. Ukiandika “zawadi yako inakuja” kisha wiki nyingine ikapita, sasa una madeni mawili, na la pili halina fungate ya kulifunika.

Kwa wakubwa mambo ni mengine. Mama mkwe aliyefikisha miaka 70 haandikiwi utani wa akika wala ndoo. Anapigiwa simu, jioni akiwa ameshatulia, na salamu zinakwenda kwa utaratibu wake: shikamoo, habari za nyumbani, za afya. Kisha, bila haraka: “Mama, nimechelewa kukupongeza. Hongera kwa kufikisha miaka sabini, Mungu akuzidishie.” Wepesi hapa unatoka kwenye kusema kwa utulivu na kunyamaza. Ile methali ya “kawia ufike” usiitaje wewe. Ni yake kuisema, na mara nyingi ataisema. Ukimtangulia umejisamehe mwenyewe mbele ya mkweo. Na kama katika nyumba hiyo besidei haziadhimishwi, kwani wapo wasiozitambua kwa imani yao, peleka dua ya umri na afya, ambayo haina tarehe ya kuchelewa.

Limebaki jibu. Binamu atarudisha kijembe: “Leo ndio umenikumbuka?” Hapa ndipo wengi huanguka, wanarudi kuomba radhi upya na kazi yote ya mwanzo inapotea. Kijembe cha mtani kinajibiwa kwa kijembe, au kwa kukubali kwa kifupi: “Leo, na keki nimeikosa, adhabu inanitosha.” Kisha mpeleke dukani kwake mara moja. Muulize kile kitenge cha bluu kimebaki doti ngapi.