Siku Yangu na Boila Iliyokosa Pumzi: Dobi la Hoteli, Malindi

Saa 12:30 asubuhi. Nilikuwa bado kwenye mahamri na mbaazi pale Barani meneja aliponipigia simu. Hoteli yake iko upande wa pwani, na dobi limeshindwa. Taulo hazikauki, mashuka yanatoka kwenye pasi yakiwa na unyevu, na shida huanza kila siku kama saa nne. Muuzaji mmoja ameshamshauri ang'oe boila ya kilo 300 za mvuke kwa saa aweke ya kilo 600. Alitaka nimchoree msingi wa hiyo mpya. Nikamwomba anipe siku moja kwanza.

Saa 1:30. Nilianzia dobini, kwa sababu ukubwa wa boila hutoka kwenye nguo. Mama anayesimamia dobi alinizungusha mashine moja moja. Kuna mashine mbili za kufulia, kila moja ikila kilo 40 za mvuke kwa saa inapochemsha maji. Mbili za kukaushia ni kilo 60 kila moja, na ile ndefu ya kupigia pasi mashuka ni 70. Ukijumlisha namba za vibao vya mashine zote unapata 270.

Lakini vibao havifui nguo. Nilimuuliza, "Mama, hizi mbili za kufulia huchemsha pamoja?" Akasema, "La, mwanangu. Moja ikichemsha, nyingine inasuuza. Tukiziwasha pamoja hatuna mikono ya kuzipakua." Basi saa yenye kazi nyingi kuliko zote ni 40, na 120, na 70, yaani 230. Nikaongeza asilimia 10 ya joto linalopotea kwenye mabomba, nikapata 253.

Hapa pana jambo linalowaponza wengi. Kilo 300 za kwenye kibao cha boila hupimwa kwa maji yanayoingia yakiwa tayari nyuzi 100. Hapa yanaingia ya tangi, nyuzi 27 hivi, na mvuke unatakiwa kwa shinikizo la baa 7. Kwa hali hiyo boila ileile hutoa kama kilo 255. Inatosha, ila kwa kubana sana. Nje ya ukuta niliona maji moto yanayotoka kwenye pasi na vikaushio yakimwagwa mtaroni. Yakirudishwa tangini, maji ya kulishia yakafika nyuzi 60, boila itatoa karibu 270 bila kuongeza gesi. Kwa hiyo haikuwa ndogo. Kitu kingine kilikuwa kinaizuia, na kilikuwa na saa yake ya kuanza.

Saa 3:00. Chumba cha boila ni cha mawe, paa la mabati, mlango wa chuma umezuiliwa na jiwe ubaki wazi. Kijana anayeiangalia alinisalimu, nikamuuliza habari ya jiwe. "Ikifika saa nne wageni wanatoka kwenda bwawani. Tunaambiwa tufunge, kelele inawaudhi." Nikasimama. Saa nne!

Nilitoboa tundu dogo kwenye bomba la moshi nikaingiza kipimo. Mlango wazi, oksijeni iliyobaki kwenye moshi ilikuwa asilimia 4.5 na kaboni monoksidi sehemu 40 kwa milioni. Moto bluu, mfupi, umetulia. Kwa gesi ya mitungi hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia kijana asimame nje, nikaufunga mlango huku nikitazama kupitia kidirisha cha moto. Baada ya dakika chache moto ulirefuka ukawa wa njano, oksijeni ikashuka hadi 1.2, monoksidi ikapita 2,000. Mara bana, kifaa kinachochoma gesi, ikajizima: swichi inayoizima hewa ikipungua imeikatia. Ilipojaribu tena, ilipuliza hewa baridi kwanza kusafisha tanuri, ikawaka, ikazimika. Shinikizo likaanguka kutoka baa 7 hadi 4. Nilifungua mlango haraka.

Nikamuuliza kijana kama kichwa humuuma. Akasema karibu kila alasiri, akadhani ni joto. Moshi wa namna ile ukivuja kidogo tu ndani ya chumba kilichofungwa, huua mtu. Monoksidi iliyo ndani yake haionekani wala hainuki. Niliondoa kufuli nikampa meneja mkononi: mpaka tundu la hewa likatwe ukutani, mlango haufungwi boila ikiwaka, wageni waseme watakavyosema.

Saa 5:00. Boila hii inakula nguvu ya kilowati 221 hivi, sawa na kilo 17 za gesi kwa saa, na gesi hiyo inataka karibu mita za ujazo 280 za hewa kila saa. Kanuni ya Uingereza tunayoifuata kwa kazi hizi, BS 6644, inadai kwa kila kilowati sentimita za mraba 4 zilizo wazi chini na 2 juu. Hiyo ni 884 chini na 442 juu.

Chumba kilikuwa na tundu moja tu, juu, la 30 kwa 30. Ukipima fremu unaona 900 na unaridhika. Lakini mabapa ya luva yanaziba nusu, na nyuma yake mtu aliweka wavu wa mbu. Isitoshe, bomba la kikaushio linapulizia chini yake, na vumbi la pamba limenata kwenye chumvi ya bahari hadi wavu umekuwa kama blanketi. Niliufuta kwa kidole, mwanga ukapita.

Tundu hilo litabaki kuwa la juu, bila wavu wa mbu, na bomba la kikaushio litahamishwa. La chini litakatwa jipya, 60 kwa 30, kwa luva inayoacha nusu wazi na wavu wa matundu makubwa. Mahali nilipopataka kwanza pana mtaro karibu, nikahama. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, na tundu la chini ndilo mlango wake wa kutokea, lakini isitokee ikaangukia mtaroni ikalala humo.

Saa 7:00. Adhuhuri, kisha wali wa nazi na samaki. Mapumziko mafupi.

Saa 8:00. Dohani. Bomba la sasa ni la milimita 150, lina kona mbili, na linatokea ukutani upande wa kusini. Huu ni Julai, kusi inavuma na kuusukuma moshi urudi ndani. Moshi wa moto wote ni kama mita za ujazo 500 kwa saa ukiwa nyuzi 220. Kwenye bomba hilo unakimbia karibu mita 8 kwa sekunde, tena kwa kona. Kwa bomba la milimita 200 unakuwa 4.4, umetulia. Nimechora la kwenda juu wima, mita 6, likipita kipeo cha paa, upande ulio mbali zaidi na makuti ya mkahawa. Urefu huo unavuta kama paskali 26 hata siku isiyo na upepo. Chuma cha pua cha daraja la 316, maana hewa hii ya chumvi hutoboa mabati mapema, na mahali linapopita paani liwe la kuta mbili.

Saa 10:00. Meneja alisikiliza, akauliza, "Sasa injinia, ya 600 basi?" Nikamwonyesha: hiyo ingehitaji hewa mara mbili, kwenye chumba kisichotosheleza hata ya sasa. Na kazi ikipungua ingewaka na kuzimika siku nzima, kila mara ikipuliza joto lake dohani.

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwashi. Saa 11:00 jioni nilikuwa nimepiga magoti na chaki, nikichora mstatili wa 60 kwa 30 ukutani, mbali na mtaro. Kijana alikuwa mlangoni, jiwe liko pale pale.