Kadi ya harusi ya Lamu: tulivyoikagua kabla haijapigwa chapa

Mtoto wa marehemu kaka yangu alipoposwa, mimi ndiye niliyekuwa walii wake, na shughuli ya kadi nikakabidhiwa mimi. Nikahi ilikuwa isomwe msikitini Langoni usiku, na kesho yake wanawake wawe na kupamba kwao Mkomani. Wageni wengi ni watu wa hapahapa Lamu, lakini upande wa bwana harusi kulikuwa na wenzake wa kazini kutoka Nairobi na Nakuru, na baadhi yao hawajawahi kuvuka Mokowe. Kadi ya mtu wa mtaani hata ikikosewa, atauliza barazani. Hawa wa mbali wangekuwa na karatasi tu mkononi.

Maneno ya kwanza aliyaandika bibi yake bi harusi kwa mkono wake: "usiku wa Ijumaa, baada ya Isha". Kwetu hayo yametimia. Jua likishatua Alhamisi, Ijumaa imeingia, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Mtu wa Nairobi akisoma maneno hayohayo anaona Ijumaa jioni, akitoka kazini. Angefika gatini Mokowe sisi tushakula pilau na mikeka imesharudishwa ilikoazimwa.

Nilimwambia, "Mama, ulivyoandika ndivyo, ila hawa wageni hawahesabu kama sisi."

"Basi waandikieni wanavyohesabu wao," akasema, "lakini Ijumaa yangu msiniondolee."

Tukaandika hivi: "Alhamisi, tarehe 18 Desemba 2025, baada ya sala ya Isha, saa mbili usiku (usiku wa kuamkia Ijumaa)". Ni refu, lakini hakuna anayeweza kulisoma kwa njia mbili. Saa tuliiandika kwa maneno makusudi. Ukiweka "2:00" peke yake, kuna atakayedhani ni saa nane mchana, na ukiweka "8:00", mzee wa Lamu atakuja saa nane. Neno "usiku" na sala ya Isha vinaifunga saa pande zote mbili.

Siku na tarehe lazima vioane, na hapo ndipo kadi nyingi huharibika, kwa sababu fundi wa kompyuta haanzi na ukurasa mtupu. Hufungua kadi ya mteja wa zamani akabadilisha majina. Sampuli yetu ya kwanza ilikuja na "Jumatano, 18 Desemba". Nikajua pale pale kadi iliyofunguliwa ni ya 2024, maana mwaka huo tarehe 18 iliangukia Jumatano. Njia yangu ya kuhakikisha ni kuanzia sikukuu ambayo kila mtu anaijua: Jamhuri, tarehe 12 Desemba 2025, ni Ijumaa. Ongeza saba, tarehe 19 nayo ni Ijumaa, basi 18 ni Alhamisi. Ukishaona siku ya zamani imebaki, usiishie hapo. Tafuta na vingine vilivyobaki: jina la ukumbi, nambari ya simu, hata "mtoto wao wa kiume" mahali pa binti.

Ami yangu mkubwa alitaka na tarehe ya Kiislamu. Kwa kalenda ya ukutani, mchana wa Alhamisi ile ilikuwa 27 Mfungo Tisa 1447. Lakini nikahi ni baada ya Magharibi, na kwa hesabu hiyo tarehe imeshageuka 28. Isitoshe, mwezi ukiandama siku moja baadaye hapa kwetu, kalenda ya ukutani itakuwa mbele kwa siku moja. Kadi hupigwa chapa wiki kadhaa kabla, mwezi wenyewe haujaonekana. Tukaandika "Mfungo Tisa 1447" bila tarehe, na ami akaridhika.

Sasa lile ambalo fundi hawezi kukusaidia, kwa sababu kwenye tahajia halina kasoro. Sampuli ilisema: "binti wa marehemu Bwana Fulani na Bi. Fulani". Kila herufi ipo mahali pake. Nikampelekea shemeji yangu, mamake bi harusi, aisome. Akasoma kimya, akaniangalia.

"Shemeji, mumeshanizika na mimi?"

Ndivyo inavyosomeka: "marehemu" likitangulia majina mawili yaliyoungwa na "na", linawabeba wote wawili. Dawa yake ni kugeuza mpangilio tu: "binti wa Bi. Fulani na marehemu Bwana Fulani". Aliye hai aanze, "marehemu" limkae anayehusika peke yake. Tangu siku hiyo kila kadi nikipewa naangalia hapo kwanza, na nimeshawaona wazazi kadhaa walio hai waliozikwa na kadi za watoto wao.

Maneno ya heshima yenyewe hayana mengi, ila yakubaliane. Ukianza na "Familia", endelea "inayo furaha". Ukianza na majina ya watu, "wanayo furaha". Ukisema "kukualika", usimalizie "karibuni nyote", kwa kuwa mgeni ni mmoja na jina lake litaandikwa kwenye nukta. Na "kuhudhuria" haihitaji "katika": ni kuhudhuria harusi, basi. Harusi au arusi, yote yanaandikwa. Chagua moja, lisibadilike kati ya bahasha na kadi.

Majina ya watu sikuyakisia hata yale ninayoyatamka kila siku. Athman, Othman na Uthman ni jina moja kwa masikio, lakini mwenyewe ana moja aliloandikiwa kwenye kitambulisho. Niliomba kila familia iniandikie majina yake kwa herufi kubwa, nikayalinganisha na sampuli herufi kwa herufi nikianzia mwisho wa jina, maana ukisoma kwa kwenda mbele jicho hujaza lenyewe.

Bismillahi juu ya kadi ilitoka vizuri mara ya kwanza. Tuliporudisha masahihisho, faili ikafunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyotayarishwa kwa Kiarabu, na sampuli ya pili ikaja herufi zimesimama mojamoja, zimepangwa kuanzia kushoto. Asiyesoma Kiarabu anaweza kuitambua hitilafu hii: kwenye "bismi", ba, sin na mim hushikana kwa mstari mmoja. Ukiziona zimeachana, imeharibika. Tuliomba iwekwe kama picha, isiweze kuvunjika tena. Aya ya Qur'ani hatukuweka, ingawa Sura Rum aya ya 21 huwekwa sana kwenye kadi za ndoa. Kadi huishia jalalani, na mimi sikutaka.

Sampuli ya mwisho niliitoa kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wa kadi yenyewe, kwani kwenye simu unaikuza na huoni kama mstari wa jina la mgeni ni mfupi mno kuandika kwa kalamu. Nikazipigia nambari za simu kutoka kwenye sampuli ile, si kutoka kwenye simu yangu. Kisha nikampa jirani mgeni, mwalimu kutoka bara, nikamuuliza tu: utakuja siku gani, saa ngapi, msikiti upi? Akajibu sawa yote matatu, ila akauliza kama mkewe aje msikitini naye.

Hilo lilikuwa halimo. Kadi ya wanaume ikaongezewa mstari mmoja kwamba shughuli ya wanawake ina kadi yake, nayo ya wanawake ikasomwa upya kutoka juu hadi chini, kwa kuwa ni faili nyingine na "marehemu" kule lilikuwa bado mahali pa zamani.