Rangi ya tambi zikiwa bado motoni

Jana usiku wifi yangu alisimama nyuma yangu jikoni akiangalia sufuria, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejizuia: "Wifi, zitie maji basi, si zimeshaiva hizo?" Nikamwambia bado. Haikupita hata dakika nikazima moto, naye akashangaa kwa upande wa pili: "Mbona umezima, na wewe umesema bado?" Tukacheka, lakini swali lake limekaa nami mpaka leo asubuhi. Ukweli ni kwamba tambi za kukaanga zinaamuliwa katika kile kipande kifupi baina ya "bado" na "tayari", na mapishi mengi yanakipita kwa maneno matatu tu: kaanga mpaka zigeuke.

Zigeuke kuwa nini? Hapo ndipo penye kazi.

Nilipika nusu ya paketi, kama gramu 200, kwa samli vijiko vitatu vya mezani. Kabla ya kufungua paketi huwa nazivunja tambi mumo humo ndani kwa kuzibonyeza na kiganja, vipande vitoke vya urefu wa kidole, halafu nazimimina kwenye chekeche na kuzitikisa. Watu wengi hawafanyi hivi, na mimi sielewi kwa nini. Chini ya kila paketi kuna vumbi na vijipande vidogo kama punje. Hivyo vikiingia kwenye samli vinaungua wakati nyuzi ndefu hata hazijaanza kupata rangi, na uchungu wake unaenea sufuria nzima. Mtu atalaumu moto, kumbe ni lile vumbi.

Moto wenyewe ni wa wastani, ukielekea kuwa mdogo. Samli ikishayeyuka yote natia uzi mmoja wa tambi na kuutazama. Nataka uzungukwe na viputo vidogo vidogo vinavyotoka taratibu. Ukikaa kimya bila kiputo, samli haijapata moto, na tambi zitainywa tu na kuwa nzito. Ukichemka kwa kelele na kugeuka rangi papo hapo, moto ni mkubwa: upande wa nje utapata rangi ilhali zile za katikati ya lundo bado ni nyeupe. Kwenye gesi ni rahisi, unapunguza ulimi wa moto. Kwenye jiko la makaa natoa kaa mbili tatu kwa koleo na kuziweka pembeni, maana nitazihitaji baadaye kwa kupalia.

Tambi zikishaingia, mwiko hausimami. Nageuza kutoka chini kuja juu, kwa sababu zinazogusa sufuria ndizo zinazopata rangi, na zilizo juu zinasubiri zamu. Kwa dakika mbili za mwanzo hutaona kitu, na hapa ndipo wapishi wenye haraka wanapoongeza moto. Wasiongeze. Unyevu kidogo uliomo ndani ya tambi ndio unaoondoka kwanza. Ukishakwisha, rangi inakuja yenyewe, tena inakuja kwa kasi. Kwa kiasi nilichopika, dakika za mwanzo zinakwenda polepole na mbili za mwisho zinakimbia.

Kwanza weupe unakuwa wa manjano hafifu, na harufu ya unga mbichi inaondoka. Kisha manjano inakolea, halafu inakuja rangi ya asali nyepesi, na hapo harufu ya ngano iliyokaangwa inajaa jikoni. Baada ya asali ni hudhurungi, na baada ya hudhurungi ni hasara. Mimi naitaka ile asali, lakini si ile nyepesi ya mwanzo, bali iliyokolea kidogo. Sababu ni kwamba tambi zikinywa maji zinavimba, na rangi iliyokuwa imebanana kwenye uzi mwembamba inatawanyika. Ukitia na tui, weupe wake unaififisha zaidi. Kwa hiyo rangi unayoiona sufuriani lazima iwe imekolea kuliko unayotaka kuiona kwenye sahani. Anayesimamisha kwenye manjano kwa kuogopa kuunguza atapakua tambi zisizo na rangi wala ladha, na mara nyingi zimeshikana.

Sasa, kwa nini nilizima moto nikiwa nimesema bado? Kwa sababu sufuria haijui kwamba nimezima. Samli inabaki na moto wake, na sufuria nzito inaushika zaidi, kwa hiyo tambi zinaendelea kukolea hata bila gesi. Ile hatua ya mwisho naiacha ijimalizie yenyewe huku nikigeuza. Maji ya moto yawe yameshachemka kando kabla. Anayeanza kutafuta birika wakati huo atazikuta tambi zimeshavuka.

Maji yakiingia, mchezo wa rangi umekwisha. Maji hayapandi juu ya nyuzi joto 100, na kukaanga mpaka kupata rangi kunahitaji moto uliozidi hapo kwa mbali. Ndiyo maana baada ya kumimina hakuna tena kukolea, na wala hakuna kurudi nyuma. Simama mbali kidogo na mimina kwa kupitia ukingo wa sufuria, maana samli inaruka.

Wifi alikuwa na hoja moja nzuri, nami nampa haki yake. Alisema chini ya taa yetu ya manjano haoni tofauti ya rangi yoyote. Ni kweli, usiku taa inadanganya, na samli pia inadanganya, kwa sababu uzi uliolowa mafuta unaonekana umekolea kuliko ulivyo. Dawa yake ni sahani nyeupe. Nilichota nyuzi chache kwa ncha ya mwiko nikaziweka ukingoni mwa sahani, nikazifuta mafuta kwa kidole zilipopoa, ndipo akaona: zilizodhaniwa zimeiva zilikuwa bado manjano. Kisha nikampa uzi autafune. Uliofika unavunjika kwa mlio mkavu na unaacha ladha tamu ya ngano. Ambao haujafika una ladha ya unga. Ukiwa umepita, uchungu unaupata nyuma ya ulimi, na hapo hakuna cha kuokoa. Sukari haiufichi uchungu huo, unautia utamu juu yake tu.

Samli nimeitaja kwa makusudi. Siagi ina maji na chembe za maziwa, na hizo chembe zinapata rangi na kuungua mapema kuliko tambi. Unaona hudhurungi chini ya sufuria, unafikiri tambi zimefika, kumbe ni siagi. Samli imeshachujwa, rangi unayoiona ni ya tambi zenyewe. Mafuta ya kawaida ya kupikia nayo yanafaa kwa kazi hii, ila yana ladha ya kimya.

Kile kinachotokea kwenye huo ukaangaji nacho si rangi tu. Nyuzi zinapata koti la mafuta, na wanga wa juu, ukishakaangwa mkavu, hauvimbi wala hauwi gundi kama ule mbichi. Ndiyo maana tambi zilizokaangwa vizuri zinatoka kila uzi peke yake, na zile zilizotiwa maji mapema zinakuwa bonge. Kwa gramu zangu 200 nilitia kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto yaliyochanganywa na tui jepesi, nikaacha nusu kikombe pembeni kama akiba. Kikombe ninachosema ni kile cha mililita 250. Sukari sikuitia mwanzo. Sukari inang'ang'ania maji, na tambi zinachelewa kulainika, unabaki na uzi mgumu katikati. Nilisubiri zilainike nusu, ndipo nikatia vijiko vitano vya sukari na iliki iliyotwangwa. Iliki nayo haivumilii kukaangwa muda wote huo, harufu yake inapotea. Zabibu kavu nilizipitisha kwenye samli mwanzoni kabisa, zikavimba, nikazitoa haraka, na kuzirudisha wakati wa kufunika.

Maji yalipokauka juu nilifunika, nikapunguza gesi mpaka chini kabisa. Kama ningekuwa kwenye makaa, zile kaa za pembeni zingepanda juu ya kifuniko, na tambi za juu zingekauka sawa na za chini. Ile nusu kikombe ya akiba niliinyunyiza kidogo tu, nyingine ilibaki.

Wifi akauliza kama pilau ni hivyo hivyo. Hapana. Mchele kwenye pilau haupaswi kupata rangi ya asali, rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Mchele ulioshwa na kuchujwa vizuri unaugeuza kwenye mafuta kwa dakika mbili au tatu, mpaka punje ziwe nyeupe pe, zile kingo zake zinazopitisha mwanga zififie, na mwiko upite bila punje kung'ang'ania. Unasikia hata mlio umebadilika, kutoka kuchemka kwa majimaji kuwa mkwaruzo mkavu. Basi, hapo ndipo supu inaingia. Wamisri na watu wa Shamu wanaopika wali wenye tambi ndani yake wanajua tofauti hii vizuri: wanakaanga tambi kwanza mpaka zikolee sana, ndipo wanautia mchele, kwa sababu vikianza pamoja kimoja kitaharibika kikimsubiri mwenzake.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu kimeshanisumbua. Siku hizi madukani kuna paketi za tambi ambazo zimeshakaangwa kiwandani bila mafuta. Ukiziangalia zina rangi ya manjano iliyoiva, na baadhi zina nyuzi za kahawia humo humo. Hizo ukizipeleka kwa mwendo wa zile nyeupe zitaungua ukiwa bado unasubiri rangi ianze. Zinataka samli kidogo na dakika moja au mbili tu, zipate koti na harufu iamke. Soma paketi, na kama maandishi ni ya lugha usiyoijua, vunja uzi mmoja uutafune mkavu. Kama hauna ladha ya unga mbichi, kazi kubwa imeshafanywa na wengine.

Wifi anataka tuzipike tena Ijumaa, safari hii kwa namna ya Omani na nchi za Ghuba, wale wanaozifunika kwa kimanda cha mayai na kuziita balalit. Tambi tamu na yai lenye chumvi juu yake. Mume wangu ameshasema yeye atakula mkate.