Kohoti ya Januari ilikuwa imejaa wateja wa zamani

Hatimaye jedwali la kohoti, yaani makundi ya wateja kwa mwezi waliofanya nunuzi la kwanza, limekaa sawa. Swali lilikuwa moja: wateja wapya wanadumu kama wa zamani? Jibu la mwanzo lilitisha. Kundi la Januari 2022, asilimia 41 walinunua tena katika mwezi wa sita. Makundi ya 2023 yaligota kwenye 23. Na nilikuwa nalinganisha umri kwa umri, mwezi ambao haujaisha nikiwa nimeshauondoa, kwa hiyo kisingizio cha kwamba wapya hawajapewa muda hakikuwepo.

Kilichonishtua ni ukubwa wa makundi. Januari wateja 1,240, Februari 410, Machi 365, kisha kuanzia Julai kama 220 kila mwezi. Biashara haikuwa imeporomoka hata kidogo, mauzo yalikuwa yale yale. Ila kumbukumbu zenyewe zinaanzia Januari 2022, mfumo ulipobadilishwa, na hoja yangu ya SQL haina habari na yaliyotangulia:

```sql
SELECT mteja_id, MIN(tarehe) AS mwanzo
FROM manunuzi
GROUP BY mteja_id;
```

Kwa `MIN` hii, mtu aliyenunua miaka mitano mfululizo anahesabiwa kuwa amezaliwa Januari. Ubaya zaidi ni kwamba hawagawanyiki ovyo. Anayenunua kila wiki lazima aonekane Januari, anayenunua kila baada ya miezi minne anaweza kuibuka Aprili na kuitwa mgeni. Januari ikakomba wanunuzi wazito, na wale ambao wangekata tamaa walishaondoka kabla kumbukumbu hazijaanza. Asilimia 41 ilikuwa ya masalia, si ya wageni.

Dawa ni kutupa makundi ya mwanzo, lakini mangapi? Nilipanga siku zinazopita kati ya nunuzi moja na linalofuata kwa kila mteja. Asilimia 95 ya mapengo yalikuwa chini ya siku 150, basi nikaondoa makundi sita ya kwanza, mwezi mmoja wa ziada kwa tahadhari. Manunuzi yao yanabaki kwenye hesabu ya mauzo, makundi tu ndiyo yanatoka. Aliyepotea mwaka mzima kisha akarudi bado atapita kama mpya, lakini hao ni wachache.

Sasa Julai 2022 ina asilimia 24 mwezi wa sita, Julai 2023 ina 23. Kwa makundi ya watu 220, tofauti hiyo ni watu wawili watatu. Sioni dalili kwamba wapya wanakimbia.

Haya yote niliyafanya kwa SQL. Lahajedwali linafaa kuonyesha, lakini kugundua kundi lililovimba pale ni kazi, maana kila mtu huficha safu ya idadi na kubakiza asilimia.

Nilikusudia kupaka jedwali rangi leo. Nimeacha. Yale mapengo yamenivuta: pengo la nunuzi la kwanza hadi la pili ni refu kuliko yote yanayofuata, na nataka kulichora peke yake, kundi kwa kundi.