Viti vya Chemka: nilivyorudia tangazo bila kuwachosha watu

Kila niliyemwambia viti vya safari yangu havijaisha alinipa ushauri uleule: "Bandika bango asubuhi na jioni dada, watu wanasahau." Unaniudhi mpaka leo. Watu hawakuwa wamesahau. Tangazo wameliona, ila wana swali na hawajajibiwa. Mwenzangu anayepeleka watu Materuni aliufuata, bango lilelile na maneno yaleyale, mpaka admini wa grupu la WhatsApp la wazazi akamtoa. Na humo ndimo alimokuwa akipata wateja wengi.

Mimi nilikuwa na kosta ya kutoka Arusha kwenda kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Bango lilienda katikati ya mwezi uliotangulia likiwa na siku, bei ya elfu thelathini na kitu pamoja na chakula cha mchana, na namba ya kulipia. Karibu nusu ya viti vikapata watu, kisha kimya.

Nikarudi inboksi kusoma maswali. Lililojirudia ni la akina mama: asiyejua kuogelea anakwenda kufanya nini? Basi tangazo la pili likawa jibu lao:

"Wengi mmeniuliza kuhusu wasiojua kuogelea. Maji ya Chemka ni ya uvuguvugu lakini yana kina, kwa hiyo nakuja na maboya ya kuvaa, ya wakubwa na ya watoto. Jumamosi, saa 1 asubuhi, Mnara wa Saa. Viti 12 vimebaki."

Angalia mpangilio. Kwenye orodha ya mazungumzo ya WhatsApp, mtu anaona maneno machache ya mwanzo tu. Ukianza tena na "USIKOSE!!!", anajua keshaisoma na anapita. Kwa hiyo jambo jipya linakaa mbele kabisa. Siku, saa na mahali zinabaki mwisho, kwa maneno yaleyale ya mwanzo, asije mtu akadhani ni safari nyingine.

Na hapa ndipo penye ujanja ninaojivunia. Sikutuma bango tena. Nilibonyeza lile la kwanza, nikachagua kulijibu, nikaandika maneno mapya. Juu ya ujumbe kinatokea kipande kidogo cha bango, na anayetaka bei anakigusa anapelekwa moja kwa moja kwenye bango lenyewe. Grupu halijai picha, na hakuna wa kulalamika kwamba namalizia watu bando. Lakini aliyeingia grupu baada ya bango hawezi kuliona, na kwenye grupu ambalo ujumbe unafutika wenyewe baada ya muda, hakuna cha kurudi kukiangalia. Huko andika bei ndani ya ujumbe. Stetasi ni habari nyingine: inapotea baada ya saa 24, kwa hiyo kuweka picha tena si usumbufu.

Usisambaze ujumbe kutoka grupu moja kwenda jingine. Unakwenda na salamu ya grupu la kwanza, na watu wanauchukulia kama zile jumbe za kuzungushwa. Kopi, pesti, kisha badilisha salamu: kwaya ina salamu yake, wazazi wana yao. Tena usitume siku moja kote, maana mtu mmoja yumo kwenye grupu la mtaa, la kikoba na la shule, na atakuona mara tatu kabla ya chai.

Tangazo la tatu nililisubirisha mpaka mishahara itoke, na sikulipeleka kila mahali. Lilikuwa la watu wa Usa River na Kikatiti: "Ninyi msije mjini, kosta inawapitia barabarani." Jioni ile simu haikutulia. Kumbe kilichowazuia ni nauli ya kuja mjini alfajiri kisha kurudi njia ileile.

Kuna walionisukuma nishushe bei hadharani. Nilikataa. Waliokwisha kulipa wamo humohumo kwenye grupu, na wangedai tofauti yao. Idadi ya viti nayo niliandika ya kweli kila mara, kwa sababu hao ni majirani na kosta wataiona.

Kujua kama umefika mwisho, bonyeza ujumbe wako uangalie maelezo ya waliousoma. Wakiwa wamesoma wengi na hakuna swali jipya lililoingia, hapo huna cha kuwaambia, acha grupu lipumue. Wiki ya mwisho sikubandika kitu popote. Niliwaandikia mmojammoja wale waliowahi kuuliza, kila mtu kwa swali lake: "Mama Neema, yule mdogo wa miaka minne analipa nusu, na boya lake lipo." Viti viwili havikupata mtu, nikaviwekea majokofu ya soda.